Vigae, gundi, grauti na rangi: nilivyohesabu nyumba yangu ya Nzuguni kigae kwa kigae

"Wakuu, nyumba yangu ya vyumba vitatu huku Iyumbu imeshapigwa lipu na sakafu. Nataka vigae vya 60 kwa 60. Fundi wa kwanza kasema ninunue boksi 60, wa pili kasema 80. Nimsikilize nani? Na gundi, grauti na rangi nahesabuje ili nisipigwe wala nisipungukiwe?"

Mkuu, kabla hujamsikiliza yeyote, waulize wote wawili swali moja: sebuleni utaanzia wapi kuweka kigae cha kwanza, na vipande vilivyokatwa vitaangukia ukuta gani? Atakayekujibu bila kwenda kupima na utepe amekisia, hata kama amelaza vigae kwa miaka ishirini. Idadi ya boksi inatokana na jibu la swali hilo zaidi kuliko ukubwa wa nyumba.

Nakuambia hivi kwa sababu nyumba yangu ya Nzuguni inakaribiana na yako, na hesabu niliyoanza nayo mimi ndiyo ile inayotumiwa na wengi. Nilipima vyumba vyote nikajumlisha, nikapata mita za mraba 81 bila vyoo. Boksi moja la 60 kwa 60 lina vigae vinne, na kigae kimoja ni mita za mraba 0.36, kwa hiyo boksi ni 1.44. Ukigawanya 81 kwa 1.44 unapata boksi 56 na kidogo. Nikaongeza asilimia 10 ya upotevu kama nilivyokuwa nimeambiwa, ikaja 62. Nikanunua boksi 62, yaani vigae 248, nikalala usingizi mzuri.

Vigae vikaisha korido ikiwa bado saruji tupu. Tulikuwa tumeiacha mwisho kwa sababu ndiyo njia ya mafundi kupita. Korido ilihitaji vigae 18 na stoo hapakuwa na hata kimoja. Nikarudi dukani na kipande mkononi. Jina la kigae lilikuwa lile lile, na picha kwenye boksi ile ile, lakini mzigo ulikuwa mwingine. Vigae vyetu vingi vinatoka viwanda vya Pwani, Mkuranga na Chalinze, na duka la Dodoma linapokea mzigo juu ya mzigo. Ule niliouchukulia mara ya kwanza ulikuwa umeshaondoka wote. Nilinunua boksi tano za mzigo mpya kwa kuwa sikuwa na namna. Hadi leo asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la sebuleni, unaona mstari mlangoni mwa korido: upande mmoja rangi ya maziwa, upande wa pili imeelekea kwenye kijivu. Kila mgeni anauliza.

Baadaye nilikaa na daftari nikahesabu upya ili nijue kosa lilikuwa wapi, na hiyo hesabu ndiyo nataka uione.

Kwanza, pima baada ya lipu, usipime kwenye ramani. Ramani inakupa kipimo cha tofali kwa tofali, na lipu inakula sentimita moja na nusu hadi mbili kila ukuta. Chumba kinapungua sentimita tatu au nne. Hizo ni chache, lakini utaona hapa chini jinsi sentimita tatu zinavyoweza kukuongezea safu nzima ya vigae. Upana uupime sehemu tatu, mwanzoni, katikati na mwisho, uchukue ulio mkubwa. Pima na kona kwa kona mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana sana, chumba hakiko skwea na safu ya ukutani itakatwa mshazari.

Pili, kigae cha sentimita 60 kikiwekwa na nafasi ya grauti ya milimita 3 kinachukua sentimita 60.3. Gawanya urefu wa chumba kwa 60.3, kisha upana vivyo hivyo. Unachotafuta ni idadi ya vigae vizima pamoja na kile kipande kinachobaki mwishoni. Kanuni ya kipande ni rahisi sana. Kikizidi nusu ya kigae, yaani sentimita 30, kila kipande kinakula kigae kizima, na kinachobaki hakiwezi kurudi upande huo. Kikiwa chini ya nusu, kigae kimoja kinatoa vipande viwili. Kikiwa chini ya theluthi, kinatoa vitatu.

Sebule yangu pamoja na sehemu ya kulia chakula ni mita 6.35 kwa 4.45. Upande mrefu unachukua vigae vizima 10 na kipande cha sentimita 32. Upande mfupi vizima 7 na kipande cha sentimita 23. Vizima ni 10 mara 7, yaani 70. Mwisho wa upande mrefu kuna vipande saba vya sentimita 32, kila kimoja kigae chake, kwa hiyo 7. Pembeni kuna vipande kumi vya sentimita 23, viwili kwa kigae, kwa hiyo 5. Kile cha kona kinapatikana kwenye mabaki. Jumla ni vigae 82.

Lakini fundi wangu alianzia katikati ya chumba ili vipande vilingane kulia na kushoto. Inapendeza, sikatai. Sasa hesabu: upande mrefu ukawa vizima 9 na vipande viwili vya sentimita 46, upande mfupi vizima 6 na vipande viwili vya karibu sentimita 42. Vyote vimezidi nusu, kwa hiyo kila kipande ni kigae. Safu 11 mara safu 8, vigae 88. Chumba ni kile kile na kigae ni kile kile, ila vimeongezeka sita kwa sababu ya mahali pa kuanzia. Kuna mabaki yaliyorudi kwenye skatingi na kufidia kama nusu ya hasara hiyo, lakini ukiwa umenunua skatingi tayari dukani, sita hizo zimekwenda moja kwa moja. Mimi leo ningeanzia mlangoni na kigae kizima, vipande viende ukuta wa mbali nyuma ya makochi na ukuta wa madirisha chini ya pazia, ambako hakuna anayevitazama.

Chumba kikubwa cha kulala ndicho kilichonifundisha zaidi. Ni mita 4.10 kwa 3.65. Upande wa 4.10 unachukua vizima 6 na kipande cha sentimita 48, hapo hakuna shida. Upande wa 3.65 unachukua vizima 6, kinabaki kipande cha sentimita 3. Kipande cha sentimita tatu kinavunjika mikononi mwa fundi, na hata kikikubali kinaonekana kama uzi ukutani. Skatingi haikifichi chote. Fundi mzuri anafanya hivi: anaondoa kigae kizima kimoja, anagawanya ile nafasi kuwa vipande viwili vya karibu sentimita 32, kimoja kila ukuta. Sasa vyote viwili vimezidi nusu kidogo tu, kila kimoja kinakula kigae chake. Chumba kinakuwa safu 7 kwa 7, vigae 49, wakati ukubwa wa sakafu ulisema 41 na nusu. Hiyo ni karibu asilimia 18 ya upotevu ndani ya chumba kimoja. Kama lipu ingekuwa nene kwa sentimita tatu zaidi, safu zingetosha sita.

Chumba cha pili, mita 3.60 kwa 3.30, kilikuwa kinyume chake kabisa. Vizima 5 na kipande cha sentimita 58 upande mmoja, vizima 5 na kipande cha sentimita 28 upande wa pili. Vile vya 28 vinatoka viwili kwa kigae. Jumla 33, na ukubwa wa sakafu ulisema 33 vile vile. Hapo upotevu wa kukata ni sifuri. Ndiyo maana nasema asilimia moja kwa nyumba nzima haina macho: chumba kimoja kinapoteza 18, jirani yake hakipotezi kitu.

Vingine nitavipitia haraka: chumba cha tatu 30, korido 18, jiko 25. Ukichukua sebule kwa mpangilio wa 82, jumla ya sakafu yote ni vigae 237. Ukubwa mtupu ulikuwa 225. Kwa hiyo kukata peke yake, nyumba nzima, kulihitaji nyongeza ya asilimia 5 tu.

Hapo utaniuliza, sasa asilimia 10 yako ilikwenda wapi? Asilimia 10 haikuwa uongo. Ilikuwa ya sakafu peke yake, na nyumba haiishii kwenye sakafu.

Kuna vizingiti. Chini ya kila mlango kuna ukanda wenye upana wa ukuta, tofali la nchi sita pamoja na lipu pande zote mbili, kama sentimita 18, na hauko ndani ya kipimo cha chumba chochote. Milango sita ilinichukulia vigae 3. Kuna skatingi, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa shimo lenyewe. Jumlisha mzunguko wa kuta za vyumba vyote, toa upana wa milango, ukikumbuka kwamba mlango wa ndani unautoa mara mbili kwa sababu uko kwenye vyumba viwili. Mimi nilipata mita 77. Kigae kimoja cha 60 ukikikata mikanda sita isiyofika sentimita 10 kamili, kwa sababu kisu cha grainda nacho kinakula, kinakupa mita 3.6. Kama mikanda yote ingetoka kwenye vigae vizima ningehitaji 22. Lakini mabaki ya sebule na ya chumba kikubwa yanatoa kama mita 27, kwa hiyo vizima vinavyohitajika ni 14. Mwambie fundi mapema kwamba mabaki yote yenye upana wa sentimita 10 au zaidi yawekwe pembeni. Wangu vijana wake walianza kuyatupa kwenye kifusi, nikayakuta nje yamechanganyika na matofali.

Kisha kuna vinavyovunjika. Njiani, wakati wa kushusha, na kwenye mashine ya kukatia, hasa vile vya kutoboa kona ya nguzo au kuzunguka fremu ya mlango. Mimi vilivunjika 9. Weka asilimia 3. Na mwisho kuna akiba: boksi mbili za mzigo ule ule zilale stoo, kwa sababu siku bomba litakapovuja chini ya sakafu au kitu kizito kikianguka, mzigo huo hautakuwepo tena duniani.

Kwa hiyo 237 za sakafu, 3 za vizingiti na 14 za skatingi ni 254. Ongeza 8 za kuvunjika na 8 za akiba, zinakuwa 270. Gawanya kwa nne, ni boksi 68. Mimi nilinunua 62. Sasa unaona kwa nini nasema mafundi wako wote wawili huenda wamekosea: wa 60 amehesabu sakafu akasahau skatingi, wa 80 amejilinda kwa kukuongezea tu. Lakini usichukue 68 yangu, vyumba vyako vina vipimo vyake. Vile vile, ukitaka vigae vilazwe mshazari, kila safu ya ukutani inakatwa pembe tatu, hesabu hii haitoshi. Anzia asilimia 15 ya kukata peke yake.

Siku ya kununua, soma ubavu wa boksi. Kuna namba ya bechi na namba au herufi ya shedi. Zote 68 zifanane. Zikiwa za aina mbili, kataa, au angalau omba za aina moja zitoshe vyumba vya kulala na za pili zitoshe sebule na korido, ili mpaka uangukie chini ya mlango unaofungwa. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba boksi ambazo hazijafunguliwa zinarudishwa. Wengi wanakubali ukiomba kabla ya kulipa, na ni wachache wanaokubali baada ya hapo.

Gundi sasa. Nazungumzia gundi ya mfuko, si ulazaji wa mota ya saruji na mchanga. Vigae vya 60 kwa 60 vya poseleni havinywi maji karibu kabisa, na uji wa saruji tupu unashika vibaya mgongoni mwake. Ndivyo unavyopata vigae vinavyolia kama ngoma baada ya mwaka. Kwa ukubwa huo fundi anatumia mwiko wa meno ya milimita 10, na gundi ikishakandamizwa inabaki unene wa milimita 4 hivi. Kila milimita moja ya unene inakula takriban kilo 1.3 za unga kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kilo 5 kwa mita ya mraba ni makadirio ya haki, na mfuko wa kilo 20 unalaza mita za mraba 4, yaani vigae 11.

Kwangu, sakafu 81 na skatingi 8 ni mita za mraba 89, mara 5 ni kilo 445, mifuko 22 na kidogo. Ongeza asilimia 5 kwa inayogandia ndooni na inayokauka kabla haijatumika, inakuwa mifuko 24. Nilitumia 30. Sita zilizozidi zilikwenda kwenye sakafu ya sebule, ambayo ilionekana imenyooka kwa macho lakini ilikuwa na bonde.

Namna ya kuliona bonde ni kuchukua bomba la alumini lililonyooka la mita 2, ulilaze sakafuni kila upande, kisha uangalie mwanga chini yake. Ingiza ncha ya utepe palipo wazi. Zaidi ya milimita 3, hiyo sehemu itakula gundi. Sebule yangu ilikuwa na wastani wa milimita 3 za ziada kwenye mita za mraba 28, na 28 mara 3 mara 1.3 ni kilo 109, ndiyo mifuko mitano na nusu. Ningejaza bonde kwa saruji na mchanga laini siku chache kabla, ningetumia mfuko mmoja wa saruji. Gundi si ya kusawazishia sakafu, kwanza ikiwa nene kupita kiasi inajikunja ikikauka na kigae kinashuka upande mmoja.

Kwa hiyo usinunue gundi yote siku ya kwanza. Mfuko wa kwanza ukifunguliwa, simama pale uhesabu. Ukilaza vigae 10 au 11, makadirio yako sawa. Ukiishia vigae 8 kama ulivyoishia wangu, simamisha kazi, uangalie sakafu au mwiko. Na kile cha tatu au cha nne, mwombe fundi akinyanyue kabla hakijashika. Mgongo wote uwe umeshika gundi, pamoja na kona nne. Ukiona milima mitano ya gundi, mmoja katikati na minne pembeni, huyo amepunguza matumizi lakini umenunua kigae kitakachopasuka chini ya mguu wa kitanda.

Hapa kwetu Dodoma kuna jambo ambalo halijaandikwa kwenye mfuko. Muda wa dakika 20 wanaoutaja wa kulaza kigae juu ya gundi iliyotandazwa ni wa mahali penye hali ya hewa ya kadiri. Saa nane mchana mwezi wa tisa, upepo unapita dirisha hadi dirisha kwa kuwa vioo bado, gundi iliyotandazwa inaota ngozi ndani ya dakika chache. Iguse kwa kidole: ikikubandika endelea, kidole kikitoka kikavu ikwangue utupe, usiirudishie maji. Huo ndio upotevu mkubwa wa gundi huku kwetu, na dawa yake ni kufagia vumbi, kuinyunyizia sakafu maji kidogo isiwe na kiu, kutandaza ya vigae viwili tu kwa wakati mmoja, na kuzibia madirisha upande wa upepo kwa turubai.

Grauti haihitaji maneno mengi, kwa sababu kuna kanuni yake na inafanya kazi vizuri:

```
kilo kwa m2 = (A + B) / (A x B) x C x D x 1.6
```

A na B ni urefu na upana wa kigae, C ni unene wake, D ni upana wa nafasi, vyote kwa milimita. Kigae cha 600 kwa 600, unene 10, nafasi 3: inakuja kilo 0.16 kwa mita ya mraba. Kwa 81 ni kilo 13, na kwa kuwa nyingi inabaki kwenye sponji na juu ya vigae, ongeza asilimia 15, nunua kilo 15. Angalia fundi akitumia vimsalaba vya milimita 5 badala ya 3: inaruka hadi kilo 22 kabla ya nyongeza. Vyooni kigae cha 300 kwa 300 chenye unene wa 8 kinakula kilo 0.26, kwa kuwa vigae vidogo vina mifereji mingi. Nunua yote siku moja, rangi moja, bechi moja, maana grauti nayo ina shedi.

Rangi ndiyo watu wanaikadiria kwa idadi ya vyumba, "chumba kimoja ndoo moja", na hiyo haina msingi. Chukua ule mzunguko wa kuta ulioupata kwenye skatingi kabla ya kutoa milango. Kwangu ulikuwa mita 89. Zidisha kwa kimo cha ukuta hadi darini, mita 3, unapata 267. Toa milango na madirisha, nilitoa 35, ikabaki kama mita za mraba 230. Usisumbuke na kutoa skatingi, inafidiwa na kingo za madirisha ambazo nazo zinapakwa.

Ukuta uliopigwa skimu vizuri, lita moja ya rangi ya maji inapaka mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ila mkono wa kwanza, ule wa kufunga ukuta, unanyweka zaidi. Huo uhesabu 8. Kwa hiyo mkono wa kwanza ni 230 gawanya kwa 8, lita 29, ukiweka nyongeza kidogo ni 30: ndoo moja ya lita 20 na galoni tatu za lita 4. Mikono miwili ya juu ni 230 mara 2 gawanya kwa 10, lita 46, na asilimia 5 inayobaki kwenye rola, ndoo na trei, ni 48: ndoo mbili na galoni mbili. Dari ni hesabu ile ile ya sakafu, mita 81 kwa mikono miwili, ndoo moja inatosha na inabaki ya vyoo.

Hayo makadirio yapime kabla hujatoa hela yote. Chora kwa penseli eneo la mita 2 kwa 4 ukutani, hilo ni mita za mraba 8, mpe fundi lita moja kamili ya mkono wa kwanza. Kwangu iliisha kabla ya mwisho, ikapaka kama 6. Tulipopitisha kiganja ukutani kikatoka cheupe kama cha mpishi wa chapati. Unga wa skimu ulikuwa haujafutwa baada ya kusugua msasa, na juu yake vumbi la barabarani. Rangi ilikuwa inashika unga, haishiki ukuta. Tulifuta kuta zote kwa kitambaa chenye unyevu, tukasubiri siku moja, jaribio la pili likapaka 8 na kupita.

Kuhusu maji: fundi akikuambia ndoo moja itafika mbali akiizimua, soma kwenye ndoo kiwango kinachoruhusiwa, kwa kawaida ni kama asilimia 10 au chini yake. Ikizidishwa unaona mistari ya rola na kivuli cha lipu, halafu unalazimika kupaka mkono wa nne, na ile lita uliyookoa inarudi mara mbili. Lipu mpya isubiri wiki nne. Hali ya hewa yetu inakausha uso haraka na ndani kukabaki na unyevu. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote kwa selotepu, ukione asubuhi yake. Kikiwa na matone kwa ndani, usipake.

Kuta za nje kama ni laini fuata hesabu ile ile ukianza na 8. Kama zimepigwa rafu, lita moja haivuki mita za mraba 5 au 6, maana unapaka milima na mabonde, kwa hiyo ndoo zinakaribia mara mbili. Hapo usikisie, fanya lile jaribio la penseli upande unaopigwa na jua la mchana.

Ukishapima, niandikie hapa vipimo vya sebule na chumba kikubwa kwa sentimita, na mlango uko ukuta gani. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua boksi zako, nami nitakuhesabia safu kabla hujaenda dukani.